Ankara ya Pauni, Bei ya Dola: Hatari ya Ubadilishaji wa Fedha katika Dhahabu ya Geita na Pamba ya Shinyanga, 1949 na 1967

Katika maandishi mengi kuhusu biashara ya nje ya Tanganyika, sarafu ya ankara huchukuliwa kuwa jambo la ukarani. Sehemu hii inalichukulia kuwa suala la kihistoria: nani aliyepata hasara au faida pale kiwango cha kubadilisha fedha kilipohama kati ya siku ya kukubaliana bei na siku ya kulipwa? Matukio mawili yanatosha kuonyesha kwamba jina la sarafu iliyoandikwa kwenye ankara halijibu swali hilo peke yake.

Tukio la kwanza ni la Septemba 1949. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ilifungwa kwa pauni kwa kiwango cha shilingi 20. Mgodi wa Geita uliuza dhahabu yake ndani ya mfumo huo wa pauni, na kwa juu juu muuzaji na mnunuzi walitumia sarafu moja. Hata hivyo, bei ya dhahabu yenyewe ilikuwa ya Marekani: dola 35 kwa wakia moja. Uingereza ilipoishusha pauni kutoka dola 4.03 hadi dola 2.80, bei rasmi ya London ilipanda kutoka shilingi 172 na peni 3 hadi shilingi 248 kwa wakia. Ni ongezeko la asilimia 44, ingawa bei ya dola haikusogea hata senti moja.

Mgodi uliokuwa na wakia 100 ambazo bado hazijapangiwa bei ungepata shilingi 24,800 badala ya 17,225. Lau mzigo huohuo ungekuwa umekwisha kupangiwa bei kwa shilingi wiki moja kabla, tofauti ya shilingi 7,575 ingebaki kwa mnunuzi. Hapa ankara ya sarafu ya nyumbani, ambayo kwa kawaida husifiwa kuwa ngao ya muuzaji, ingemnyima faida. Mshahara wa mchimbaji, uliokuwa wa shilingi, haukuwa na kifungu chochote cha kuufungamanisha na dola. Kwa hiyo faida hiyo ilikuwa ya kampuni, ikipunguzwa tu na kupanda kwa gharama ya mitambo na vipuri vilivyolipiwa kwa dola.

Mgodi wa Geita ulifungwa mwaka 1966, mwaka uleule Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kutoa shilingi ya Tanzania. Shilingi hiyo mpya ilikuwa na thamani yake yenyewe iliyopimwa kwa dhahabu, ingawa kwa mwaka mmoja na ushei pauni iliendelea kubadilishwa kwa shilingi 20. Mfanano huo uliwaficha wengi badiliko lililokwisha kutokea. Tarehe 18 Novemba 1967 pauni ilishushwa tena, mara hii kutoka dola 2.80 hadi 2.40, na Tanzania haikuifuata. Pauni moja ikawa shilingi 17.14.

Tuchukue mkataba wa kuuza pamba nyuzi ya Shinyanga wenye thamani ya pauni 1,000, uliotiwa saini Oktoba na kulipwa Desemba. Mnunuzi wa Uingereza alilipa pauni 1,000 kamili na hakuvunja ahadi yoyote. Muuzaji, aliyetarajia shilingi 20,000, alipokea takribani 17,143. Ili kufidia pengo hilo angehitaji bei ya pauni kupanda kwa karibu asilimia 17, jambo lisilowezekana kwa mzigo uliokwisha kuuzwa. Mkataba huohuo ukiandikwa kwa dola 2,800 ungeleta shilingi 20,000 kama ilivyotarajiwa, naye mnunuzi ndiye angetafuta pauni za ziada.

Je, hasara hiyo ilimfikia mkulima? Si kwa msimu ule. Bei ya pamba mbegu ilitangazwa kwa shilingi kabla ya ununuzi, na kufikia Novemba sehemu kubwa ya wakulima ilikuwa imekwisha kupokea fedha zake kwenye vyama vya msingi. Aliyekuwa katikati ni bodi ya mauzo: gharama zake zilikuwa za shilingi na madai yake yalikuwa ya pauni. Akiba ya bodi ingeweza kuumeza mshtuko huo. Akiba isipotosha, njia iliyobaki ilikuwa kupunguza bei ya msimu uliofuata. Kwa maoni ya mtafiti huyu, ndiyo sababu kumbukumbu za mazungumzo ya wakulima si mahali pazuri pa kuitafuta athari ya 1967. Mtafiti anapaswa kulinganisha tarehe tatu katika majalada ya mauzo: siku ya mkataba, siku ya hati za meli, na siku fedha zilipogeuzwa kuwa shilingi. Mikataba iliyotiwa saini kabla ya 18 Novemba na kulipwa baada yake ndiyo iliyobeba hasara. Iliyotiwa saini baada ya tarehe hiyo, hata ikiwa ya pauni, ilipangiwa bei na watu waliokwisha kukijua kiwango kipya.