Mkono wa Idi kwa mwenzako aliyefiwa

Katika Kiswahili cha mwambao wa kaskazini mwa Tanzania, kuanzia Mkinga na Tanga mjini hadi Pangani, neno *mkono* hubeba salamu mbili zinazoonekana kupingana. Aliyefika msibani *humpa mkono* mfiwa, na mkono huo huitwa *mkono wa pole* au *mkono wa tanzia*. Siku ya sikukuu watu hupeana *mkono wa Idi*, jina ambalo hutumika kwa salamu yenyewe na pia kwa kijizawadi cha fedha wanachopewa watoto. Swali la makala haya linahusu pale mikono hii miwili inapokutana: Idi imefika, na mfanyakazi mwenzako amefiwa ndani ya mwaka huu. Asemeje mtu ili asimnyime mwenzake heri ya siku kuu, wala asimlazimishe kufurahi?

Wanafunzi wengi huanza kwa kuhesabu muda: msiba umetimiza miezi mingapi, na je, bado unastahili kutajwa? Kwa desturi ya mwambao hesabu hiyo si ya kwanza. Linalotangulia ni kujua kama wewe msemaji umekwisha kutoa mkono wa pole au bado. Pole ya msiba ni mfano wa deni: hulipwa na kila mtu kwa nafasi yake, na haifutwi na kupita kwa siku. Mtu aliyekuwa safarini msiba ulipotokea, akarudi baada ya miezi mitano, hutarajiwa kutoa pole mara ya kwanza anapokutana na mfiwa, hata ikiwa kukutana huko kumeangukia asubuhi ya Idi. Akiipita pole na kuanza na Idi, mfiwa atajiuliza kama habari haikumfikia au imemfikia akaipuuza.

Sababu ya deni hilo kulipwa mara moja tu inaonekana katika sarufi ya jibu. Anayeambiwa *poleni* hujibu *ahsante* au *tumeshapoa*. Wa Tanga huenda akakata na kusema *tushapoa*. Kitenzi *poa* hutaja kitu kilichopungua joto, na kiambishi *-sha-* hutangaza kwamba jambo limekamilika. Hakuna anayedhani kwamba huzuni imekwisha kweli, lakini kwa upande wa mazungumzo jibu hilo limefunga mlango kwa adabu. Anayerudia *pole* kwa mtu yuleyule, kwa msiba uleule, huufungua tena mlango ambao mwenye nyumba ameufunga, naye hulazimika kusimama kuufunga upya. Mara moja haina uzito. Asubuhi ya Idi, ofisini au shuleni, akiambiwa hivyo na watu kumi na wawili waliokwisha kumpa pole siku ya maziko, uzito wake ni mkubwa.

Kwa hiyo zipo njia mbili. Ambaye hajatoa pole huitanguliza, huifupisha, kisha huingia katika heri. Mazungumzo ya namna hii ni ya kawaida:

— Assalamu alaykum, dada.
— Waalaykumu ssalamu, kaka.
— Poleni sana na msiba wa mzee. Sikujaaliwa kufika kuwapa mkono.
— Ahsante, tumeshapoa.
— Mwenyezi Mungu amrehemu.
— Amin.
— Na Idi iwe ya heri kwenu nyumbani.
— Inshallah, na kwenu pia.

Tazama wingi uliotumika. Msiba ni wa nyumba nzima, ndiyo maana husemwa *poleni*, hata kama anayesikia ni mmoja. Wingi huohuo unaendelezwa katika heri, *kwenu nyumbani*, na hivyo mfiwa hasimamishwi peke yake kama mtu mwenye kasoro miongoni mwa wanaosherehekea. *Pole* ya umoja si kosa kwa watu waliozoeana sana, lakini kwa mwenzako wa kazini, hasa aliyekuzidi umri, wingi ndio wenye heshima. Kiungo *na* katika *na Idi* nacho kina kazi: kinaiunganisha heri na dua iliyotangulia. Wanaotafsiri huelekea kuweka *lakini* mahali hapo, *poleni na msiba, lakini Idi njema*, na kwa neno hilo moja msiba hugeuka kizuizi kilichopaswa kurukwa.

Aliyekwisha kutoa pole hairudii. Huanza na heri, na kumbukumbu ya marehemu, akitaka kuigusa, huipitisha ndani ya dua: *Idi Mubarak, mama. Mungu awajaalie subira na baraka.* Hapa uchaguzi wa neno la heri ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. *Mubarak* maana yake ni iliyobarikiwa. Haidai chochote kutoka kwa anayeambiwa. *Idi njema* pia ni salama. Maneno ya kadi na ya matangazo ya redio, kama *furaha tele* na *shamrashamra*, ndiyo yanayochoma, na *furahia sikukuu* huchoma zaidi kwa sababu ni amri. Dua katika hali ya dhamiri, *akujaalie, awape, iwe*, humwachia Mungu kazi ya kuleta faraja. Amri humtwika mfiwa kazi hiyo. (Tahajia ya kamusi ni *Idi*, magazeti ya Tanzania huandika mara nyingi *Idd* au *Eid*. Zote hueleweka, ila andiko moja lishike moja.)

Maswali ya habari nayo yanahitaji uangalifu. *Habari za sikukuu?* au *Sikukuu imekwendaje?* kwa kanuni ya maamkizi hudai jibu *nzuri* au *salama*, hata kwa mgonjwa. Mfiwa atajibu *nzuri*, na atakuwa ametamkishwa asichokiona. *Mmeamkaje nyumbani?* huuliza juu ya watu na afya zao, wala haiuliziwi sherehe. Jibu *tumeamka salama* linaweza kusemwa kwa ukweli.

Muda, uliowekwa kando hapo juu, hurudi na nguvu zake zote katika hali moja: mjane aliye edani. Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya sekondari Tanga mjini aliyefiwa na mumewe tarehe 20 Rajabu. Matanga huanuliwa baada ya siku tatu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyefiwa na mwenzi wake angalau siku 4 za likizo yenye malipo. Eda ya mjane asiye mjamzito ni miezi minne na siku kumi kwa mwandamo. Hesabu hizi tatu hazilingani hata kidogo, na ndiyo maana mwenzako anaweza kuwa amerudi darasani, kwa kuwa wanazuoni wengi humruhusu kutoka mchana kwa haja, na huku bado yumo edani. Kutoka 20 Rajabu miezi minne humfikisha 20 Mfunguo Pili, na siku kumi humfikisha mwisho wa mwezi huo. Idi ya Mfunguo Mosi itamkuta edani, yapata siku sabini tangu msiba. Idi ya Mfunguo Tatu, inayoangukia mwezi kumi, itamkuta ametoka eda kwa siku kama kumi hivi. Kama alikuwa mjamzito, eda yake huisha anapojifungua, na hesabu yote hubadilika.

Katika Idi ya kwanza, basi, maneno mawili ya kawaida ya sikukuu huondolewa. La kwanza ni *umependeza*: mwenye eda hajipambi, hatii hina wala manukato, na kusifiwa mavazi ni kumkumbusha alichojizuia, au kumfanya ahofu kwamba amevuka mpaka. La pili ni *tutakuona jioni?*, mwaliko wa matembezi na karamu. Anayetaka kuonyesha ukunjufu husema *tutapita kuwasalimu*, naye hupita mchana, pamoja na wengine. Katika Idi ya pili vizuizi hivyo vimeondoka kisheria, ila busara haitaki *sasa umetoka eda, Idi ni yako*. Kutoka eda ni jambo lake kulitaja. Salamu ya kawaida yenye dua inatosha, na mwaliko hutolewa kwa sura inayoruhusu kukataa: *mkijaaliwa, karibuni nyumbani*.

Watoto wa marehemu ndio mahali ambapo ukunjufu wa sikukuu unaweza kutolewa bila kupunguzwa. Wao wanangoja mkono wa Idi kama watoto wengine wa mtaa. Mfanyakazi mwenzao mama anaweza kumkabidhi fedha na kusema: *Huu mkono wa Idi wa watoto.* Jina hilo lisibadilishwe. Fedha ileile ikiitwa *ubani* au *rambirambi*, inarudishwa kwenye siku za matanga, ambako ndiko ubani huchangwa. Ikiitwa *msaada*, inawafanya watoto kuwa wahitaji mbele ya mama yao. Ikiitwa *mkono wa Idi*, wanapata kilekile wanachopata watoto wa jirani, na kiasi nacho kisipite sana kawaida, kwa sababu noti kubwa kupita kiasi hulisaliti jina.

Kosa lililo kinyume cha yote haya ni kunyamaza. Mtu huogopa kukosea, akampita mwenzake korido nzima bila kumtakia Idi, akidhani amemstahi. Mwambaoni tafsiri ya ukimya huo ni nyingine: *hata mkono wa Idi hakunipa* ni lawama nzito, na mfiwa huisikia kama kutengwa. Salamu fupi isiyo kamilifu ni afadhali. Vilevile ujumbe wa jumla katika kundi la Wasapu la ofisi hauhesabiki kuwa salamu kwake. Hauna jina lake, na kwa kawaida ndio uliojaa *furaha tele*.

Ofisi za Tanga huwa na Waislamu na Wakristo pamoja, na kanuni ya deni la pole haibadiliki kwa *Heri ya Krismasi*. Tofauti inajitokeza Januari. Watanzania wa dini zote wamezoea kusema, wanapotakiana heri ya mwaka mpya, kwamba tumshukuru Mungu kwa kutufikisha, maana wengi walitamani kuuona mwaka huu na hawakujaaliwa. Sentensi hiyo ni ya shukrani njema na hutamkwa bila kufikiriwa. Mbele ya aliyefiwa ndani ya mwaka uliopita, hao *wengi* wana sura na jina. Nusu ya kwanza isemwe, *tumshukuru Mungu kwa kutufikisha*, na nusu ya pili iachwe. Mfiwa akitaka kuimalizia mwenyewe, jibu lake ni *Mungu awarehemu*.