Kwa Nini Kuzima na Kuwasha Upya Ruta au Kivinjari Huondoa Hitilafu Nyingi

Mada hii fupi imeandaliwa kwa ajili ya darasa la jamii la matumizi ya kompyuta katika Kata ya Kalinzi, Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma. Inaeleza nini hutokea ndani ya ruta na kivinjari vinapozimwa na kuwashwa, na lini njia hiyo haisaidii.

Ruta, yaani kifaa kinachogawa intaneti kwa kompyuta na simu zilizo karibu, ni kompyuta ndogo. Ina kumbukumbu ya aina mbili. Ya kwanza ni ya kudumu, ambamo huhifadhiwa mipangilio kama vile jina la mtandao na nywila. Ya pili ni ya muda, ambamo huandikwa mambo ya siku: nani ameunganishwa, amepewa anwani gani, anawasiliana na wapi. Umeme ukikatika, kumbukumbu ya muda hufutika, ila mipangilio hubaki. Kifaa huanza tena kikiwa katika hali yake safi, bila makosa yaliyojilimbikiza.

Tuchukue mfano wa darasa lenye ruta iliyopangwa kutoa anwani 20, kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.119, kila moja kwa saa 24. Asubuhi kompyuta 12 zinawashwa na kuchukua anwani 12. Wageni wanane wanaingia, wanaunganisha simu zao kwa dakika chache, kisha wanaondoka kwenda shambani au sokoni. Anwani zao nane hazirudi, kwa kuwa ruta huzihesabu kuwa bado zina wenyewe hadi saa 24 zitimie.

Saa nane mchana anafika mwanafunzi aliyehitimu kidato cha sita, akiwa na kompyuta yake, kuomba mkopo wa elimu ya juu. Waifai inaonekana kuwa na nguvu, lakini hakuna ukurasa unaofunguka, ilhali waliotangulia wanaendelea na kazi. Dalili ya tatizo iko kwenye taarifa za mtandao za kompyuta yake: anwani inaanza na 169.254. Kompyuta hujipa yenyewe anwani ya namna hiyo inapoomba anwani kwa ruta na kukosa.

Ruta ikizimwa na kuwashwa, katika ruta nyingi za bei nafuu orodha ya anwani hufutika. Vifaa vilivyopo huomba upya, na mwanafunzi hupata nafasi yake. Hata hivyo, chanzo hakijaondoka. Siku ya wageni wengi, tatizo litarudi. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta na kupunguza muda wa kushika anwani, ambao mara nyingi huandikwa DHCP Lease Time, kutoka saa 24 hadi saa moja, au kuongeza idadi ya anwani.

Kivinjari nacho hujaa kwa namna yake. Kila ukurasa ulioachwa wazi hushika sehemu ya kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Kwenye kompyuta yenye gigabaiti 4, kurasa nyingi zikikaa wazi tangu asubuhi, mashine hulazimika kuhamishia baadhi ya kazi kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi. Kufunga kivinjari chote hurejesha nafasi hiyo. Lakini kikiwa kimepangwa kufungua tena kurasa zilizotangulia, mzigo unaweza kurudi pamoja nacho.

Kabla ya kufunga, hifadhi fomu unayojaza. Kilichokwisha kupokelewa na mfumo wa taasisi hubaki huko. Kilichoandikwa kwenye ukurasa bila kutumwa kinaweza kupotea.

Tatizo likiwa kwenye kompyuta moja, anza na kivinjari, kisha kompyuta yenyewe. Likiwa kwenye vifaa vyote, au kifaa kipya kinakosa anwani, waarifu wenzako wahifadhi kazi zao, kisha nenda kwenye ruta. Chomoa waya wa umeme, subiri sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe, chomeka, na usubiri dakika mbili au tatu hadi taa zitulie. Usibonyeze kitufe kidogo kilichoandikwa Reset: hicho, kikishikiliwa, hufuta hata mipangilio ya kudumu, na ruta italazimika kupangwa upya tangu mwanzo.

Ikiwa ruta hutumia laini ya simu, jaribu pia simu yenye laini ya mtandao huohuo. Nayo ikikosa intaneti, huenda hitilafu iko kwenye mnara; bando likiwa limekwisha, angalia salio. Katika hali hizo mbili, kuwasha upya hakutasaidia.

Ruta ikihitaji kuzimwa kila siku, andika saa tatizo linapoanza na idadi ya vifaa vilivyounganishwa. Maelezo hayo mawili humwezesha fundi kutambua haraka kama anwani ndizo zinazokwisha.