Mapatano ya masomo kati ya wazazi na kijana: namna ya kuyaandika, na yanapovunjika

Katika nyumba nyingi za Kibati, kaskazini ya Goma kwenye barabara ya Rutshuru, ugomvi wa masomo unafanana. Mzazi anasema mtoto hasomi, anashinda na telefone. Mtoto anasema kila akifungua kaye anatumwa: maji, makala, mtoto mdogo. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Mapatano ya maandishi ni karatasi moja inayotenganisha hizo kweli mbili: nani anadai nini, saa ngapi, na nini kinafuata kama hakikufanyika.

Mapatano hayo yalitoka wapi?

Njia hii ilianza kuandikwa vizuri Amerika. Mwaka wa 1971, mtaalamu Richard Stuart alieleza mapatano kati ya wazazi na vijana waliokuwa na matatizo ya tabia. Alisema karatasi nzuri inabeba mambo matano: haki za kijana, kazi zake, adhabu iliyojulikana mbele, zawadi ya ziada kwa mwenye kushika neno, na alama zinazoandikwa kila siku. Wengi wanaoandika mapatano nyumbani wanaweka kazi na adhabu tu. Hayo si mapatano, ni amri yenye sinyatire.

Ijulikane pia kwamba karatasi hii haipelekwi tribinali. Mu Kongo, sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema mtoto ni kila mtu asiyefikisha miaka 18. Nguvu ya mapatano iko mu nyumba tu, kwa hiyo inategemea kama mzazi naye anashika upande wake.

Mfano: msichana wa mwaka wa 8

Tuseme kuko msichana wa miaka 14 anayesoma asubuhi, na mwisho wa mwaka anangojewa na Tenasosp, ule mtihani wa kumwelekeza kwenye seksio. Anafika nyumbani saa 13:30. Familia iko na telefone moja ya kuingia mu Watsap, ni ya baba. Umeme haupo, kuko taa ndogo ya jua.

Jambo la kwanza si kuandika saa za masomo. Ni kuhesabu kazi za nyumbani. Udongo wa Kibati ni mawe ya volkeno, maji ya mvua yanapenya chini, visima vya mkono si rahisi, na kutafuta maji kunakula saa. Familia inaandika kwa siku tatu saa ambazo mtoto anatoka na bidon na saa anazorudi. Tuseme wanakuta ni saa moja na nusu kila siku. Sasa wanajua kilichobaki.

Jambo la pili ni mwangaza. Kwetu jua linazama karibu saa 18:00 mwaka mzima. Basi somo gumu, hesabu au Kifaransa, linawekwa kabla ya giza. Usiku kwenye taa inabaki kurudilia tu. Karatasi yao inaweza kusomeka hivi:

Sisi Papa, Mama na mtoto wetu tumepatana kwa wiki nne.
1. Maji ni saa 14:00 mpaka 15:30. Siku ya tatu na siku ya posho ni zamu ya kaka.
2. Masomo ni saa 16:00 mpaka 17:30, na kurudilia saa 19:00 mpaka 19:30, siku ya kwanza mpaka siku ya tano. Posho ni saa 9:00 mpaka 11:00. Kama kuko salongo, ni saa 11:00 mpaka 13:00.
3. Wakati huo hakuna anayemtuma mtoto. Akitumwa, dakika zilizopotea si kosa lake.
4. Telefone inalala kwa Mama wakati wa masomo. Saa 17:30 mtoto anaipewa dakika 15 kwa kuandika deva kutoka grupe ya darasa. Dakika 30 za kujifurahisha ni saa 19:30. Saa 20:00 inarudishwa.
5. Posho saa 14:00 mpaka 17:30, na siku ya Mungu saa 13:00 mpaka 17:00, ni wakati wake. Anasema tu anaenda wapi.
6. Dakika za telefone zilizozidi zinatolewa kesho yake, basi. Siku tano nzuri zinaleta nusu saa zaidi siku ya Mungu.

Ukijumlisha, ni masaa 2 kwa siku mara tano, pamoja na 2 ya posho: 12 kwa wiki. Akilala saa 21:00 na kuamka saa 5:00, anapata masaa 8 ya usingizi. Wataalamu wa usingizi wa Amerika walitangaza mwaka wa 2016 kwamba kijana wa miaka 13 mpaka 18 anahitaji masaa 8 mpaka 10. Basi yuko kwenye mpaka wa chini, na hakuna nafasi ya telefone ya usiku.

Wiki moja kwenye kaye

Alama zinaandikwa na mtoto mwenyewe, mzazi anasinya jioni. Siku ya kwanza na ya pili ni nzuri. Siku ya tatu kaka hayuko, msichana anaenda maji, mstari ni mrefu, anarudi saa 17:00. Amepoteza saa nzima, lakini namba 3 inamlinda: anaandikiwa siku nzuri, na ile saa inahamishwa posho. Siku ya ine anazidisha telefone dakika 20. Siku ya tano anabaki na dakika 10 za kujifurahisha. Zile 15 za deva haziguswi, kwa sababu ni masomo. Wiki hiyo ana siku nne nzuri, nusu saa ya zawadi haipo. Hakuna kelele, hakuna fimbo.

Yanavunjika namna gani?

Kwanza, adhabu inapanda. Mzazi mwenye hasira anakata telefone mwezi mzima. Siku ya pili mtoto hana tena cha kupoteza, na karatasi imekufa. Ndiyo maana adhabu inaisha kesho yake, na haigusi chakula, usingizi wala pesa ya shule.

Pili, wageni na haraka za nyumba. Dalili yake inaonekana kwenye kaye: kama namba 3 imetumika zaidi ya mara mbili kwa wiki, tatizo si mtoto. Saa ya maji ndiyo inapaswa kubadilishwa, ao zamu ya kaka ishikwe kweli.

Tatu, mtoto anakaa mbele ya kaye bila kusoma. Alama zote ni nzuri lakini pointi za shule hazisogei. Hapo badala ya saa, andikeni kazi: mazoezi matano ya hesabu, ukurasa mmoja wa Kifaransa kueleza kwa mdomo. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kumwambia, « Nielezee », na atasikia kama mtoto anajua.

Kisha kuna jambo ambalo karatasi haiwezi. Vita ao hofu ya volkeno ikihamisha familia, kama Mei 2021, ratiba inaanguka. Mapatano ya wiki nne yanaachwa bila kumdai mtoto kitu, na mengine yanaandikwa pale familia itakapojua tena saa ya maji.