Pengo la Tiananmen

Mao Zedong alifariki tarehe 9 Septemba 1976. Tarehe 18 viongozi wa China walijipanga mstari Tiananmen kumwaga, wakapigwa picha. Tarehe 6 Oktoba wanne kati yao wakakamatwa, akiwemo mjane wa Mao, Jiang Qing. Picha ilipochapishwa tena, wanne hao hawamo. Kinachonishangaza mimi si kwamba wamefutwa, maana hilo Stalin alishalifanya sana. Ni kwamba nafasi zao zimeachwa wazi, mstari una mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno.

Kwa nini wasiwasogeze waliobaki? Zama zile ungekata picha kwa wembe, unasukuma kipande cha kulia kigusane na cha kushoto, unapaka rangi kwenye kiungo, kisha unaipiga picha upya. Shida ni kwamba watu hawasogei peke yao, ukuta ulio nyuma yao unakuja nao na mistari yake haikutani. Mashine ya kusafishia picha nayo hukuza kila kitu kwa pamoja. Huwezi kuiambia ibane ukuta tu.

Kompyuta inaweza. Mwaka 2007 Shai Avidan na Ariel Shamir walionyesha njia ambayo, kwa kweli, ni rahisi ajabu. Programu inatafuta kijia chembamba, upana wa nukta moja, kutoka juu hadi chini ya picha, kikipita mahali ambapo nukta hazitofautiani sana na jirani zake. Inakiondoa, pande mbili zinasogeleana, inatafuta kingine. Ukimtia alama mtu wa kufutwa, vijia vinalazimishwa kupita mwilini mwake. Majirani unawawekea ulinzi, la sivyo nyuso zao nazo zitaliwa.

Tuseme picha ina upana wa nukta 3,000 na mtu anachukua 300. Vijia 300 vikishatoka, inabaki 2,700. Sasa juu ya kichwa chake ukuta nao umepoteza nukta 300, na si lazima zitoke mahali pamoja katika kila safu. Ukuta mtupu hautakusaliti. Ukuta wa matofali utakusaliti, kwani matofali yatabanana na mistari ya wima itapinda. Na mhariri mwenye haraka akiivuta picha irudi 3,000 ili ijaze ukurasa, wote waliobaki wananenepa kwa asilimia 11 hivi, jambo ambalo kwa baadhi ya viongozi wetu hakuna atakayeligundua.

Mimi nikiletewa picha ya kundi naanzia chini. Natazama vigae vya sakafu kama vina upana mmoja, navihesabu vivuli, halafu natafuta vidole visivyo na mwenyewe begani mwa mtu. Nikikuta mawili kati ya hayo, naomba picha nyingine iliyopigwa dakika hiyohiyo.