Kiwango cha kurudisha gharama (duka dogo)

Kiwango cha kurudisha gharama ni mauzo ambayo kwayo duka halipati faida wala hasara. Hupatikana kwa kugawa gharama za kudumu za mwezi kwa sehemu ya faida ghafi iliyomo katika kila faranga ya mauzo.

Tuchukue duka la kubuni mjini Kamina, makao makuu ya Haut-Lomami na njia panda ya reli, linaloleta sukari, sabuni na mafuta kutoka Lubumbashi. Pango, mlinzi, taa na posho ya mwenye duka (wengi huisahau) ni faranga 360,000 kwa mwezi. Nauli ya mzigo haimo humo. Huongezwa kwenye bei ya kununulia. Bidhaa iliyofika dukani kwa 8,000 huuzwa 10,000, yaani faida ghafi ni asilimia 20 ya mauzo.

360,000 ÷ 0.20 = 1,800,000

Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni takriban 70,000 kwa siku. Siku hazilingani, kwa hiyo afadhali kujumlisha kila Jumamosi kuliko kuhukumu siku moja.

Kosa la kawaida ni kugawa kwa 0.25, kwa kuwa faida ya 2,000 ni robo ya 8,000. Jibu huwa 1,440,000, na duka linalofikia lengo hilo hupungukiwa 72,000 kila mwezi. Dola ikipanda na bei zisibadilishwe, faida ghafi ikashuka hadi asilimia 15, kiwango huruka hadi 2,400,000.