Moshi wa Sigara na Ukuaji wa Mtoto Tumboni

Mama mjamzito anayevuta sigara mara nyingi hulificha jambo hilo hata kwa mkunga wake. Kwa kuogopa kusemwa, hupunguza kimya kimya, akiamini kwamba sigara tatu kwa siku hazimdhuru mtoto kama kumi. Ni kosa hilo tunalotaka kulifafanua, kwa maana njia iliyo salama ni kuacha kabisa.

Mtoto aliye tumboni hapumui kwa mapafu yake. Oksijeni humfikia kutoka katika damu ya mama kupitia kondo la nyuma. Moshi wa sigara una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni takriban mara 200. Basi nafasi ya oksijeni hukaliwa na hewa hiyo, na katika damu ya mtoto hujikusanya zaidi kuliko katika damu ya mama. Wakati huohuo nikotini huibana mishipa ya damu, na kinachofika kwa mtoto huzidi kupungua.

Kwa wastani, watoto wa akina mama wanaovuta huzaliwa wakiwa na upungufu wa gramu 200 hivi. Huenda zikaonekana chache, lakini mtoto ambaye angezaliwa na gramu 2,650 huteremka hadi 2,450, yaani chini ya gramu 2,500, kipimo ambacho chini yake mtoto huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Wako wanaosema kwamba mtoto mdogo humrahisishia mama uchungu. Hawasemi kwamba mtoto huyo hupoteza joto upesi na huweza kunyonya kwa shida, wala kwamba moshi uleule huongeza hatari ya kondo kubanduka kabla ya wakati, ya kuzaa njiti, na ya mtoto kufia tumboni.

Kwa nini basi kupunguza hakutoshi? Mwili uliozoea nikotini huidai. Mama aliyebakiza sigara tatu huzivuta kwa pumzi ndefu zaidi na hadi mwisho, na hivyo hujipatia moshi mwingi kuliko anavyodhani. Tena katika ujauzito mwili huisafisha nikotini kwa haraka zaidi, kwa hiyo hamu hurudi mapema.

Tuchukue mfano wa mama mwenye mimba ya wiki 13, anayevuta sigara kumi kwa siku. Wakati wake ni mzuri, kwani wanaoacha kabla ya wiki ya 15 hupata watoto wenye uzito unaokaribiana sana na wa wasiovuta. Anamweleza mkunga ukweli, kisha wanachagua siku ya kuacha ndani ya juma hilo. Wanatazama sigara zake huja saa ngapi: mara aamkapo, baada ya chai, na jioni mumewe anapowasha yake. Kwa kila saa wanapanga la kufanya, na mume anaombwa aache pamoja naye, au angalau asivute kamwe ndani ya nyumba, kwa sababu moshi wake nao humfikia mtoto.

Ndani ya siku mbili hivi kaboni monoksaidi huwa imetoka katika damu ya mama. Siku za kwanza huwa ngumu: hasira, usingizi wa mang'amung'amu, hamu kali. Hali hiyo ni ya mama, wala haimdhuru mtoto. Dhana kwamba kuacha ghafla humshtua mtoto si ya kweli. Kila wimbi la hamu hupita baada ya dakika chache. Akiteleza siku ya tisa akavuta moja, asihesabu kwamba ameshindwa. Amwambie mkunga, aendelee.

Mashauriano ya namna hiyo ndiyo tiba ya kwanza. Yasipotosha, daktari aweza kumpa kibandiko au chingamu ya nikotini, kwa kuwa humo hamna kaboni monoksaidi. Kibandiko hubandikwa asubuhi na kubanduliwa kabla ya kulala, na mama hapaswi kuvuta akiwa nacho. Vidonge vya kuachia sigara, yaani bupropioni na vareniklini, havishauriwi kwa wajawazito. Ugoro na shisha si badala ya sigara: ugoro una nikotini, na moshi wa shisha una kaboni monoksaidi nyingi.

Mama aliyechelewa naye aache leo, kwa sababu mtoto huongeza uzito mwingi zaidi katika miezi mitatu ya mwisho. Kliniki hupima kimo cha mimba kwa utepe, na baada ya wiki ya 24 sentimita hukaribiana na idadi ya wiki. Katika wiki ya 30 utepe ukionesha sentimita 26, mkunga humpeleka mama akapigwe picha ya altrasaundi. Mama akihisi mtoto amepunguza kucheza, asingoje tarehe ya kliniki, aende siku hiyohiyo.