Elimu ya Ujinsia Shuleni: Nani Amfundishe Mtoto?

Katika shule za Kariakoo, Gerezani na Upanga, watoto Wakatoliki huketi dawati moja na wenzao Waislamu na wa madhehebu mengine. Wazazi wao hutofautiana katika mengi, lakini juu ya elimu ya ujinsia wengi hutoa pingamizi linalofanana: kwamba mambo hayo ni ya nyumbani, na kuyataja mapema ni kumfungulia mtoto mlango ambao bado hajaufikia. Watetezi wa elimu hiyo hujibu kwa takwimu. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa nchini Tanzania, wasichana 22 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba.

Pande zote mbili zina jambo la kujifunza kutokana na jaribio lililofanyika nchini mwetu. Kuanzia mwaka 1999, mpango ulioitwa MEMA kwa Vijana ulitekelezwa vijijini mkoani Mwanza. Jamii 20 ziligawanywa katika makundi mawili. Katika jamii 10, walimu walifundisha afya ya uzazi darasa la tano hadi la saba, na wahudumu wa vituo vya afya waliandaliwa kuwapokea vijana. Jamii 10 nyingine zilibaki za kulinganishia. Vijana zaidi ya 9,000 walifuatiliwa kwa miaka mitatu.

Matokeo hayakuupa upande wowote ushindi kamili. Hofu kwamba mafundisho yangewaharakisha vijana kuanza ngono haikuthibitika. Maarifa yao yaliongezeka, na kwa kiasi kikubwa yalidumu hata walipopimwa tena mwaka 2007 na 2008. Hata hivyo, maambukizi ya Virusi vya UKIMWI na mimba havikupungua kwa namna iliyoonekana wazi. Kijana alijua zaidi, lakini aliendelea kuishi katika mazingira yale yale: umaskini, zawadi za wanaume wenye umri mkubwa, na ukimya wa watu wazima. Hapa ndipo penye kikomo cha darasa: humpa mtoto maarifa, lakini haliwezi peke yake kubadili mazingira anayorudi jioni.

Mafundisho ya Kanisa hayapingi elimu yenyewe. Tamko la Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikani juu ya Elimu ya Kikristo, la mwaka 1965, linataka watoto wapewe malezi ya kijinsia yenye busara kadiri wanavyokua. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika Wosia wake wa Kitume juu ya Familia wa mwaka 1981, alifundisha kuwa malezi hayo ni haki na wajibu wa msingi wa wazazi, na kwamba shule inaposhirikiana nao sharti ifuate kanuni auni, yaani iwasaidie bila kuwanyang’anya nafasi yao. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Wosia wa mwaka 2016, alikubali wazi haja ya elimu hiyo, akiiweka ndani ya malezi ya upendo na kujitoa. Alionya pia dhidi ya mafundisho yanayohimiza kujikinga tu, kana kwamba mtoto anayeweza kuzaliwa ni adui.

Lakini hoja ya kwamba mambo haya ni ya nyumbani inahitaji kupimwa kwa historia ya hapa hapa. Katika mila za Wazaramo na watu wengine wa pwani, mara nyingi si mama mzazi aliyemfunda binti. Kazi hiyo ilikuwa ya kungwi au somo, shangazi au bibi, wakati wa unyago. Wavulana walifundwa jandoni. Heshima ilimzuia mzazi kusema, lakini familia ilimjua na kumwamini aliyesema kwa niaba yake. Leo familia nyingi za katikati ya jiji huishi katika vyumba vya kupanga, bibi yuko mbali, na mzazi mwenye biashara sokoni hutoka alfajiri na kurudi usiku. Ukimya umebaki, lakini kungwi hayupo. Nafasi yake huchukuliwa na simu na marika.

Kwa hiyo mzazi anayepinga ana haki ya kuuliza, na haki hiyo inamdai kazi. Katika kikao cha wazazi aombe kuona muhtasari wa somo na kitabu kitakachotumika: ni mada ipi, darasa la ngapi, na nani atafundisha. Aulize pia kama mwalimu anayefundisha mwili na uzazi anazungumzia heshima, wajibu na ndoa, na kama mtoto anafundishwa kumtambua na kumripoti mtu mzima anayemnyanyasa. Ambacho shule haiwezi kutoa, yaani maana ya usafi wa moyo na wito wa ndoa, kina nafasi katika kipindi cha dini na katika jumuiya ndogo ndogo. Huko familia zinaweza kumchagua mama au baba mwenye maadili na busara, wakamkabidhi kwa hiari yao kazi iliyokuwa ya somo.

Mzazi akilizuia somo shuleni bila kuweka sauti nyingine mahali pake, mtoto hatabaki bila mwalimu. Atabaki na mwalimu ambaye mzazi hakumchagua.